Mlingoti wa Kimara: waya tatu za urefu mmoja, na mmoja haukufika

Nilipofika Kimara, Dar es Salaam, asubuhi ile mlingoti ulikuwa umeshasimama, lakini umesimama kwa mashaka. Vijana wawili walikuwa wameshikilia kamba ya nailoni iliyozungushwa kwenye shina la mwembe, na fundi mwenyewe alikuwa amechuchumaa chini kwenye mteremko, mkono mmoja umeshika ncha ya waya, mwingine umeshika jicho la skrubu ya kukazia. Kati ya ncha na jicho palikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Alivuta, akavuta tena, akaniangalia. "Kaka, nilipiga hesabu sawasawa. Sijui umeliwa wapi."

Mwenye nyumba, mama wa makamo, alisimama barazani na simu mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akaniambia neno moja tu: "Mwanangu, huo mti usiniangukie bati." Alikuwa na haki ya kuogopa. Bomba la chuma la inchi mbili likianguka kutoka urefu huo linapasua bati na kuingia ndani.

Nyumba yake iko kwenye ubavu wa kilima, chini ya barabara ya mtaa, na miti ya majirani inaziba mnara wa mtandao ulio upande wa pili wa bonde. Ndiyo maana alihitaji mlingoti mrefu wa kubeba antena ya intaneti. Fundi alinunua mabomba mawili ya mita sita sita, la chini la inchi mbili na la juu jembamba kidogo, akaliingiza la juu ndani ya la chini na kulifunga kwa bolti. Chini aliweka bawaba: vipande viwili vya engo vilivyosimikwa kwenye zege, bolti moja nene ikipita katikati, ili mlingoti uweze kusimamishwa na kulazwa tena. Hilo alilifanya vizuri sana, na ndilo lililotuokoa baadaye. Stei, yaani waya za kuushikilia mlingoti, zilikuwa sita kwa mpango wake: tatu za juu na tatu za chini, zikienda kwenye nanga tatu za zege ardhini zilizogawanya duara karibu sawasawa.

Nilimwomba anionyeshe hesabu. Alikuwa ameiandika kwenye kipande cha boksi la saruji:

```
L = √(12² + 7²) = √193 = 13.9
```

Mita 12 ni urefu wa mlingoti, mita 7 ni umbali wa nanga kutoka kwenye mlingoti, na mita 13.9 ni urefu wa waya. Akakata waya tatu za mita 13.9 kwa ajili ya juu. Kwa zile za chini alichukua nusu ya mlingoti, mita 6, akapata mita 9.2, akakata tatu nyingine. Jumla mita 69.3, kutoka kwenye roli la mita 70 alilonunua kwenye maduka ya Gerezani. Kwenye kikokotoo hakukosea hata tarakimu moja. Kanuni ni ile ile ya Pithagorasi tuliyofundishwa shuleni, ile ile wanayoitumia waashi kila siku wanapofunga kamba za msingi kwa tatu, nne, tano: mlingoti ni upande mmoja, ardhi ni upande wa pili, waya ni mshazari unaoziunganisha. Tatizo lilikuwa kwenye namba zilizoingia. Mbili hazikuwa zile zinazotakiwa, na ya tatu haikuwemo kabisa.

Tuanze na ile 12. Mabomba mawili ya mita sita yanafanya mita 12 yakiwa dukani. Yakishaingiliana kwa sentimita 60, unabaki na mita 11.4. Halafu waya hazifungwi kwenye kilele. Zinafungwa kwenye bangili ya chuma iliyobanwa kwenye bomba chini ya antena, kwa sababu antena inahitaji nafasi ya kugeuzwa bila waya kupita mbele yake. Nilishusha futi kamba kutoka alama aliyoiweka kabla ya kusimamisha: kutoka bolti ya bawaba hadi bangili ya juu ni mita 10 kamili, na hadi bangili ya kati ni mita 5. Kwa hiyo 12 haikuwa urefu wa kitu chochote pale. Urefu unaoingia kwenye hesabu ni wa pale waya inapofungwa, basi.

Sasa msomaji atauliza: kama fundi alitumia urefu uliozidi kwa mita mbili, waya zingetakiwa kuwa ndefu kupita kiasi. Kwa nini huu mmoja ulipungua? Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo, na ndiyo sababu nimeamua kukiandika. Kosa la kwanza lilikuwa linalificha kosa la pili.

Ukisimama Kimara, ardhi hailali. Nanga ya kusini-mashariki ilikuwa chini ya mteremko, na ya kaskazini-mashariki ilikuwa juu. Ya tatu, ya magharibi, ilikuwa kwenye sehemu ya ua iliyosawazishwa kwa ajili ya kuegesha gari. Fundi alichukulia zote ziko sawa na shina la mlingoti. Lakini waya inayokwenda chini ya mteremko haishuki mita 10 tu. Inashuka hizo 10 na kuongeza kiasi ambacho ardhi yenyewe imeshuka.

Kiasi hicho hakikadiriwi kwa macho. Macho hudanganywa na mteremko, hasa ukiwa umesimama juu yake. Tulitafuta mpira mwangavu wa maji, ule ambao waashi wanautumia kusawazisha msingi. Tuliujaza maji, tukahakikisha hakuna povu ndani, ncha moja nikaishikilia kwenye shina la mlingoti na nyingine akaishikilia kijana kwenye nanga, dhidi ya ubao mrefu uliosimama wima. Maji yalipotulia, kwangu yalikuwa sentimita 20 juu ya bolti ya bawaba, kwake sentimita 220 juu ya jicho la nanga. Tofauti ni mita 2. Upande wa kaskazini-mashariki tulifanya vivyo hivyo na tukakuta nanga iko juu kwa mita 1.3. Kazi yote hiyo haikuzidi robo saa.

Bado kulikuwa na jambo moja dogo zaidi. Ile mita 7 ya umbali, fundi aliipima kwa kulaza futi kamba juu ya nyasi. Kwenye ardhi tambarare ni sawa. Kwenye mteremko futi kamba nayo inakuwa mshazari, na umbali wa ulalo, ule unaotakiwa na kanuni, ni mfupi kuliko unachosoma. Kwa upande wa chini: mita 7 juu ya ardhi inayoshuka mita 2 zinakupa ulalo wa √(49 − 4), yaani mita 6.71. Kwa upande wa juu, √(49 − 1.69), yaani mita 6.88. Ukitaka kukwepa hesabu hiyo, inua futi kamba ikae sawasawa kwa pima maji na udondoshe timazi kutoka ncha yake hadi kwenye nanga. Ukishajua mshuko, hata hivyo, kikokotoo ni rahisi zaidi kuliko kuinua mikono.

Upande wa magharibi haukuwa na mteremko lakini ulikuwa na ukuta. Uzio wa jirani ulikuwa karibu, kwa hiyo nanga ilisimikwa mita 5 kutoka kwenye mlingoti, na fundi bado akaukatia waya wa urefu ule ule, kana kwamba nanga iko mita 7.

Tukaandika upya, kila waya kwa namba zake:

```
Kusini-mashariki, juu:   √(12² + 6.71²)  = 13.75
Kaskazini-mashariki, juu: √(8.7² + 6.88²) = 11.09
Magharibi, juu:          √(10² + 5²)     = 11.18
```

Mlingoti mmoja, bangili moja, na waya tatu zinazotofautiana kwa zaidi ya mita mbili na nusu. Yule wa kaskazini-mashariki, tulipoutazama, ulikuwa umefungwa na ncha ndefu imezungushwa kwenye nanga mara kadhaa. Fundi aliona ni ziada nzuri. Ilikuwa dalili. Waya mmoja ukizidi sana na mwingine ukapungua kwenye mlingoti ule ule, tatizo si roli wala mkasi, ni ardhi.

Sasa, mita 13.75 dhidi ya waya wa mita 13.9. Kwa hesabu tupu ulitakiwa kufika na kubakiza sentimita 15. Haukufika kwa sababu ya ile namba ya tatu isiyokuwemo: miisho. Kanuni inakupa umbali wa moja kwa moja kutoka bangili hadi nanga, lakini waya haufungwi kwa kugusana. Juu unapita kwenye bangili, unakunjwa na kurudi, na kubanwa kwa klempu tatu. Kwa waya huu wa milimita 6 mimi huacha sentimita 50 kila upande, ili klempu zikae kwa nafasi bila kurundikana. Chini kuna skrubu ya kukazia, ambayo ikiwa imefunguliwa inachukua sentimita 30 za njia, na hizo zinapunguzwa kwenye waya. Kwa hiyo kila waya unaongezewa mita 1 ya vitanzi viwili, unapunguziwa sentimita 30 za skrubu, na ongezeko halisi ni sentimita 70.

Waya wa fundi ulishatumia sentimita 50 kwa kitanzi cha juu. Ukabaki na mita 13.4, wakati jicho la skrubu liko mita 13.45 kutoka kwenye bangili. Sentimita 5. Vile vidole vitatu nilivyovikuta asubuhi vilikuwa hizo sentimita tano, na kitanzi cha chini bado hakijaanza hata kufikiriwa.

Kuhusu skrubu, wengi hukosea hapa hata wakipiga hesabu nzuri: wanapima wakiwa wameifunga kabisa. Ikifungwa hivyo mwanzoni, siku waya ukilegea huna pa kukazia. Ipime ikiwa imefunguliwa karibu yote, nyuzi chache tu zikiwa zimeingia kila upande, na ufunge waya kwa urefu huo.

Fundi alikuwa na mapendekezo mawili, na yote nilimkatalia. La kwanza lilikuwa kuusukuma mlingoti uiname kidogo upande wa bonde hadi waya ufike. Ukiangalia pembetatu yenyewe utaona kwa nini haifai. Waya huo unashuka kwa wima mkali, kwa hiyo kila sentimita 10 unazosogeza kilele kuelekea bondeni, umbali hadi kwenye nanga unapungua kwa sentimita 5 tu hivi. Yeye alihitaji sentimita 55: zile tano na kitanzi cha hamsini. Ili kuzipata angelazimika kukilaza kilele kwa zaidi ya mita moja. Bomba lililoinama mita moja linabeba uzito wake pembeni mchana na usiku, na upepo bado haujaanza. La pili lilikuwa kuunga kipande kwa kulaza waya mbili sambamba na kuzibana kwa klempu. "Mdogo wangu," nikamwambia, "huu ndio waya wa kusi. Kiungo hakikai hapa."

Na hilo la kusi linahitaji maelezo, kwa kuwa Dar es Salaam upepo una desturi yake. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini kwa miezi mingi katikati ya mwaka, na kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka. Stei haisukumi, inavuta tu, kwa hiyo waya unaofanya kazi ni ule ulio upande upepo unakotoka. Mwingine unalegea kidogo na kupumzika. Nanga za fundi zilielekea kusini-mashariki, kaskazini-mashariki na magharibi, na ulikuwa mpangilio mzuri kuliko alivyojua mwenyewe: nanga iliyobanwa na uzio ilikuwa upande ambao upepo mkali wa muda mrefu hautoki.

Umuhimu wake unaonekana ukigawanya urefu wa waya kwa umbali wa ulalo. Namba hiyo inakuambia waya unabeba mara ngapi ya nguvu inayosukuma mlingoti kwa upande. Tuseme upepo unasukuma pale kwenye bangili kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50, na waya mmoja ndio unaozuia. Kwenye ardhi tambarare, nanga ikiwa mita 7, waya unavutwa kwa kilo 87. Nanga ikiwa mita 5, kama upande wa magharibi, unavutwa kwa kilo 112. Na huu wa bondeni, ingawa futi kamba ilisoma mita 7, unavutwa kwa kilo 102, kwa sababu mteremko umeufanya uwe wima zaidi. Sehemu ya mvuto huo inaushindilia mlingoti chini: kwa nanga ya mita 5 ni kilo 100 nzima zinazolikandamiza bomba kutoka juu. Waya wa milimita 6 haushtuliwi na kilo hizo. Zinazoshtuliwa ni nanga isiyochimbwa vizuri na bomba jembamba linalotafuta pa kupindia. Bangili ya kati ipo kwa ajili hiyo, kulizuia bomba lisipinde katikati linapokandamizwa.

Watu wengi wa kazi hii huweka nanga kwa umbali wa kati ya asilimia 60 na 80 ya urefu wa bangili, na mimi nafuata hivyo. Ila ukienda chini ya mteremko, asilimia hiyo inachukuliwa kwenye urefu wote wa wima, mshuko ukiwemo. Kama ningekuwepo siku ya kuchimba, nanga ya bondeni ingekuwa mita 9 kwa futi kamba badala ya 7, na nafasi ilikuwepo, palikuwa na migomba tu. Hapo waya ungekuwa na zaidi kidogo ya mita 15 na pembe ingerudi kuwa ile ya ardhi tambarare. Lakini zege lilikuwa limeshashika, shimo lilikuwa na kina cha mita moja na nondo nene ndani yake, na kilo 102 halikuwa jambo la kulibomolea. Niliiacha.

Zikabaki waya za chini. Kwa bangili ya mita 5, bondeni ni √(7² + 6.71²), mita 9.70. Kaskazini-mashariki wima ni mita 3.7 tu, na waya ni mita 7.81. Magharibi, wima 5 na ulalo 5, mita 7.07. Ukiongeza sentimita 70 kwenye kila mmoja wa wale sita, vipande vinavyotakiwa ni mita 14.45, 11.79 na 11.88 kwa juu, na mita 10.40, 8.51 na 7.77 kwa chini. Jumla ni mita 64.8.

Fundi alinyamaza kidogo alipoona jumla hiyo. Alikuwa amenunua mita 70. Roli lilitosha na kubakiza. Lililopotea ni mpangilio wa ukataji, na hilo linauma zaidi kuliko kununua pungufu, kwa sababu pesa ulishaitoa vizuri. Ushauri wangu kwa anayefanya kazi kwenye vilima vya Kimara, Goba au Makongo ni huu: usikate waya wowote kabla ya kupata urefu wa zote sita kwenye karatasi, kisha anza kukata mrefu kuliko wote. Mrefu ukikosewa unakuwa mfupi wa mahali pengine. Ukianza na wafupi huna pa kurudi.

Kanuni hiyo ndiyo tuliyoitumia kuokoa vipande vilivyokatwa. Mita 13.9 mbili zilikwenda magharibi na kaskazini-mashariki kwa juu, zikapunguzwa ncha. Ya tatu, ile iliyoshindwa kufika, ikawa waya wa chini wa bondeni. Vipande viwili vya mita 9.2 vikatosha waya mbili za chini zilizobaki. Kilichokosekana ni kimoja tu, mita 14.45, na kijana akatumwa na bodaboda kununua mita 15 za waya ule ule wa mabati. Mama aliuliza kama kamba nene ya nailoni isingefaa, maana aliiona imeushikilia mlingoti tangu asubuhi. Nikamwambia inafaa kwa saa chache watu wakiwa wameishika. Nailoni ikivutwa inarefuka, na ya katani ikilowa mvua inajikaza na ikikauka inalegea, kwa hiyo urefu uliokata leo si urefu utakaokuwa nao wiki ijayo. Hesabu yote hii inategemea kitu kisichobadilika urefu.

Mwanawe wa kidato cha pili naye akauliza kama waya ukining'inia kidogo hesabu haiharibiki, na lilikuwa swali zuri. Mstari wa kanuni umenyooka na waya halisi una tumbo. Lakini kwenye waya wa mita 14, tumbo la sentimita 10 linaongeza urefu wa milimita 2 hivi. Skrubu inazimeza kwa mzunguko mmoja au miwili. Kijana huyo huyo hakuwa na kikokotoo chenye kipeuo, akachora kwenye daftari la hesabu la mraba, sentimita moja kwa kila mita: 12 kushuka, 6.7 kwenda pembeni. Rula ikasoma kati ya 13.7 na 13.8. Kwa kazi ya waya, mchoro wa namna hiyo unatosha kabisa kugundua kosa la nusu mita kabla ya mkasi.

Tuliulaza mlingoti kwa bawaba yake, tukafunga waya zote sita juu, klempu zikikaa upande sahihi: kitako chake kwenye waya mrefu unaobeba mzigo, na upinde wake ukibana ile ncha fupi iliyorudi. Tukausimamisha tena. Tulianza na waya za chini, tukazikaza kidogo kidogo kwa zamu huku timazi ikining'inia pande mbili za bomba, kisha za juu. Ule wa bondeni ulifika kwenye skrubu, ukakunjwa, na ncha ikabaki karibu sentimita 50 kama ilivyoandikwa. Fundi alipima ncha hiyo kwa futi kamba mara mbili.

Nilirudi baada ya wiki tatu, mvua zikiwa zimenyesha. Timazi ilionyesha kilele kimesogea kidogo kuelekea kaskazini-magharibi, upana wa bomba lenyewe tu. Nanga ya bondeni ilikuwa imesogea kidogo kwenye udongo uliolowa na waya wake umelegea. Tulizungusha skrubu mizunguko minne, kilele kikarudi, na nyuzi nyingi bado zilikuwa zimebaki. Kipande cha mita 9.2 kilichosalia mama alikuwa amekifunga kati ya mwembe na nguzo ya baraza, anaanikia nguo.